Mwanahamisi likatwe wapi?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, naishi Likoni, jina langu Mwanahamisi Juma Bakari. Nimepata kazi katika hospitali moja Ujerumani na naondoka baada ya miezi mitatu. Siku ya mahojiano ya video yule mama wa ofisi aliniita mara tatu, kila mara jina jipya, mwisho akaniuliza kwa upole kama nina jina fupi. Nikamwambia nitamwandikia. Wenzangu wananiambia nijiite Mona au Hana yaishe. Lakini jina hili alinipa marehemu nyanya yangu na sitaki kulitupa. Nilifupishe vipi ili libaki na maana yake?*

Marahaba, Mwanahamisi. Hao wenzako wanaotaka uitwe Hana niwaulize kwanza: hana nini? Ukimpigia mama simu kutoka huko umwambie "wananiita Hana," atadhani umeibiwa. Mona nalo ni jina zuri la watu wengine, ila ukilivaa huna pa kurudia. Aliyekuzoea kwa Mona miaka miwili hawezi kupanda kutoka hapo mpaka afike Mwanahamisi, kwa sababu hakuna ngazi. Jina fupi linalofaa ni lile ambalo mtu akilijua, amekwisha kujua kipande cha jina zima.

Basi tulitazame jina lenyewe. Linaonekana refu kwenye karatasi kwa kuwa limeandikwa bila nafasi, lakini ni maneno mawili yaliyoshonwa pamoja, Mwana na Hamisi, na ule mshono ndio mahali pake pa kukatwa. Mwana hapa si mtoto. Ni neno la heshima kwa mwanamke muungwana, kama tunavyosema Bibi. Ndilo lililo mbele ya jina la Mwana Mkisi, ambaye wazee wa Mombasa humtaja kuwa alitawala mji huu kabla ya Shehe Mvita, na ndilo lililo mbele ya Mwana Kupona, yule mshairi wa pwani ya kaskazini aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba Mwana Kupona ni "mtoto wa kupona." Wanaume nao wana lao, Mwinyi, na hilo nitalirudia kwa kuwa limenipa taabu mimi mwenyewe.

Hamisi ni Alhamisi, na Alhamisi kwa Kiarabu ni siku ya tano. Waswahili tulikuwa tumeanza kuhesabu siku zetu Jumamosi, tukafika Jumatano tukasema hii ndiyo ya tano, kisha kesho yake tukaipokea tano nyingine kwa Waarabu bila kuona haya. Wiki yetu ina tano mbili na hakuna anayelalamika. Kwa hiyo jina lako zima ni kama kusema Bibi wa Alhamisi, au Bi Alhamisi.

Hiyo ndiyo maana ya maneno. Iko maana nyingine ambayo mimi siwezi kuiona kutoka hapa, nayo huenda ndiyo nzito zaidi. Je, ulizaliwa Alhamisi kweli? Kwetu mtoto hupewa jina la siku, lakini mara nyingi zaidi hupewa jina la mtu: shangazi, nyanya, mama mkubwa aliyefariki mwaka ule. Ikiwa nyanya alikuita hivyo kwa sababu una somo wako katika ukoo, basi siku ya Alhamisi ni kivuli tu. Maana ya jina lako ni yule bibi. Kwa hiyo kabla ya kumwandikia huyo mama wa Ujerumani, muulize mamako maswali mawili. Somo wangu ni nani? Na watu wa nyumbani walimwitaje walipokuwa na haraka? Hakuna mtu aliyekuwa akiitwa Mwanahamisi kwa silabi zote tano kutoka jikoni hadi uwanjani. Jina fupi walilolitumia kwake ni lako kwa urithi, na litakuwa na maana kuliko lolote nitakalokupendekezea mimi.

Huenda jibu likawa Mwanamisi. Midomo ya pwani ilikwisha kulipunguza jina hili zamani, ikaiacha ile "ha" idondoke katikati, na Likoni mpaka Kwale utawasikia akina Mwanamisi wengi ambao nyanya zao waliandikwa Mwanahamisi. Nakutajia hilo ujue kwamba kulifupisha jina si kulidhalilisha. Tunalifanya kila siku, na tunalifanya kwa kanuni ingawa hatuitaji. Fatuma huwa Tuma, Khadija huwa Dija, Halima huwa Lima: tunabakisha silabi mbili za mwisho, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho na sikio linashika hapo. Au tunabakisha kichwa: Ramadhani akawa Rama, Suleimani akawa Sele. Ama mkia ama kichwa, na silabi mbili zinatosha. Jina lako likipitishwa katika kanuni hizo linatoa Mwana kwa kichwa na Misi kwa mkia, na ukilikata kwenye mshono linatoa Mwana na Hamisi. Mtu atakayetaka kuchota katikati atapata Hami. Hao ndio wagombea wetu wanne.

Sasa wasafirishe Ujerumani.

Hapa ndipo nilipoumia mimi. Naitwa Mwinyijuma. Miaka mingi nyuma nilikwenda kufundisha Kiswahili kwa muda katika chuo kimoja huko, na siku ya kwanza katibu alisoma jina langu kwenye orodha mbele ya watu. Mjerumani akiona herufi w husoma v. Nilichosikia mimi, Mwislamu wa Kibokoni niliyetoka kuswali asubuhi, ni kitu kinachofanana sana na "mvinyo." Nikasema haraka, basi, niiteni Juma tu. Nilidhani nimekata vizuri, kwenye mshono kabisa. Lakini herufi j kwao ni y. Nikaitwa Yuma muda wote niliokaa, na niliporudi nyumbani nikagundua kuwa nilikuwa nimeanza kuitika. Kosa langu halikuwa pa kukatia. Kosa lilikuwa kwamba niliufikiria mdomo wa Mswahili badala ya jicho la Mjerumani, maana mgeni hakutani na jina lako kwa sikio kwanza. Hulikuta limeandikwa, akalisoma kwa herufi alizofunzwa shuleni kwao.

Kwa jina lako herufi zinazokuhusu ni tatu. Ya kwanza ni hiyo w, ambayo kwao ni v. Ya pili ni s: ikikaa baina ya irabu mbili, Mjerumani huitamka z, hivyo Hamisi litakuwa Hamizi. Ya tatu ni h. Mwanzoni mwa neno wanaitamka vizuri kama sisi, lakini katikati ya maneno yao mara nyingi ni alama tu ya kuivuta irabu iliyotangulia, kwa hiyo wako watakaosoma "Mwanaa-amizi" bila kujua kwamba wamekaribia kusema Mwanamisi. Irabu zako zote, a na i, hazina shida. Zinasomwa kama zetu.

Mchukue mgombea wa kwanza, Hamisi. Limebeba siku, ndiyo, lakini nyumbani ni jina la mwanamume. Siku mwenzako Mkenya atakapokutembelea wadini na kusikia unaitwa Hamisi, kicheko chake kitasikika mpaka chumba cha upasuaji. Tena linageuka Hamizi. Tumwache.

Hami ni mgombea mwenye hila, nami nilimpenda kwa muda. Herufi zake nne zote zinasomwa Kijerumani kama zinavyosomwa Mombasa, na mkazo unaangukia mahali pamoja. Juu ya hayo, kuhami kwa Kiswahili ni kulinda, na wewe ni muuguzi. Lakini hiyo ni maana ya kukodi. Kuhami na Hamisi zimetoka katika mizizi miwili tofauti ya Kiarabu, na nyanya yako hakuwa na habari ya kuhami. Tena kuna jambo ambalo mtu wa Likoni hawezi kulijua mpaka aambiwe: Ujerumani ina watu wengi sana wenye asili ya Uturuki, utafanya nao kazi na utawauguza, na kwa Waturuki Hami ni jina la kiume. Wapenzi wa mpira wa umri wangu watamkumbuka Hami Mandıralı, aliyetoka Trabzonspor akaichezea Schalke 04 mwishoni mwa miaka ya 1990. Utakuwa umemkimbia Hamisi mmoja ukaangukia mikononi mwa mwingine.

Kulikagua jina kwa lugha zote utakazokutana nazo si anasa. Wasichana wa Kigiriama waitwao Kadzo, jina zuri lenye maana ya kazuri, wakifanya kazi na Waitaliano pale Malindi hukuta wageni wanaficha nyuso. Kwa Kiitaliano liko neno la matusi linalokaribiana nalo mno, na sitaliandika hapa. Kadzo hana kosa lolote, ila ni bora alijue kabla ya siku ya kwanza kazini kuliko kuliona kwenye macho ya watu.

Misi nalo linavutia, kwa kuwa ndilo ambalo sikio la Kiswahili lingelichagua lenyewe, mkia wenye mkazo. Tatizo ni s tena. Litasomwa "Mizi," na Kijerumani kina neno `mies` lenye maana ya kitu kibovu, kinachochukiza. Hawatakucheka kwa hilo, lakini kwa nini uanze hapo? Na sauti ya s ina udhaifu mwingine unaomhusu muuguzi kuliko karani. Masikio ya wazee huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za juu, na s ni mojawapo. Mzee wa miaka 80 aliyelala bila kifaa chake cha kusikia, nawe umevaa barakoa, atapata i mbili na ukungu katikati.

Amebaki Mwana, na huyu ndiye ninayemchagua.

Nitaanza na hoja ya nyumbani, maana najua utasema: lakini Mwalimu, Mwana ni nusu ya mtaa. Kweli. Kwetu kuna Mwanaisha, Mwanaidi, Mwanajuma, Mwanatumu, na ukisimama uchochoroni ukaita "Mwana!" watatoka watano. Ndiyo maana hapa tunabakisha mkia, kwa kuwa mkia ndio unaowatofautisha. Lakini jina fupi lina kazi ya kumtofautisha mtu na waliopo, na katika wadi yako utakuwa Mwana peke yako. Kule kichwa kinatosha. Halafu kichwa chenyewe ndicho chenye heshima. Ukiitwa Mwana unaitwa Bibi, na kila atakayekuita, awe daktari mkuu au mfagizi, atakuwa anakupa cheo bila kujua. Ile Alhamisi unabaki nayo kwenye hati na kwa watu wako, na mtu akikuuliza jina zima unamwongezea siku, naye anaona papo hapo jinsi vipande viwili vinavyoungana. Hiyo ndiyo ngazi niliyosema Mona haina.

Kwa sikio, Mwana ni jina la bahati. Sauti zake m, w, a na n zote ni nzito, za chini, zinazopita kwenye barakoa na kumfikia mzee vizuri kuliko s au h. Kwa kinywa ndiko kwenye kazi kidogo, kwa ajili ya ile w. Kwa maandishi tu litasomwa "Mvana," au mwingine ataweka irabu mbele aseme "Emvana," kwa sababu maneno yao hayaanzi kwa m ikifuatwa na v. Lakini sauti unayoitaka wanayo, ila hawaiandiki hivyo. Katika jina lao la mwezi wa kwanza, `Januar`, wanasema "Ya-nu-ar," na hapo katikati u inateleza kuingia a. Mwambie Mjerumani achukue mteleko huo huo na kuweka m mbele: Mu-A-na, sauti ipande kwenye A. Hiyo si Mwana ya Likoni kabisa, kwa kuwa yetu ni silabi mbili na yao itakuwa na tatu, lakini ukimsikia akiisema haraka hutaona tofauti. Nimewajaribu wanafunzi wangu Wajerumani wengi kwa mwa-, mwe- na mwi-. Wakipewa maandishi peke yake wanakwama. Wakipewa `Januar` wanapita, kwa kawaida mara ya pili au ya tatu.

Swali ambalo litakujia hapo: si niandike Muana basi, wasome sawasawa tangu mwanzo? Usifanye hivyo. Mwana ni herufi tano za kwanza za jina lililo kwenye pasipoti yako. Mtu wa mishahara, mtu wa zamu, mtu anayekutafuta kwenye kompyuta akiandika `Mwa`, wote watakupata. Ukijiandika Muana unakuwa mtu wa pili ndani ya mfumo, na siku moja mtu huyo wa pili atakosa mshahara. Maandishi yabaki ya Kiswahili, na matamshi yaandikwe chini yake. Katika barua pepe zako weka hivi, na neno la mstari wa pili ni "matamshi" kwa Kijerumani:

```
Mwanahamisi (Mwana) Bakari
Aussprache: Mu-A-na
```

Kabla hujalitegemea, lijaribu hapa hapa. Mombasa haikosi Wajerumani. Shuka Diani hata asubuhi moja, au muombe mwalimu wako wa Kijerumani akutafutie wenzake ambao hawajui Kiswahili. Mpe mtu wa kwanza karatasi yenye neno Mwana tu na umsikilize bila kumsaidia. Mpe wa pili ile mistari miwili hapo juu. Kisha fanya kinyume: simama mbali kama hatua nne, funika mdomo kwa barakoa, sema jina mara moja, na umwombe wa tatu aandike alichosikia. Akiandika Muana au Moana, umefaulu, maana sauti imefika. Akiandika Wanna au Anna, unaimeza ile m. Ifunge midomo kidogo zaidi kabla ya kuiachia. Waswahili tunaisema m ya mwanzo kwa wepesi mno kwa kuwa tunajuana.

Sasa nikupunguzie wasiwasi kidogo kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe. Wagonjwa wengi hawatakuita kwa jina lako la kwanza. Kule mtu mzima asiyezoeana nawe hukuita kwa jina la ukoo, na wao watalichukua jina lako la mwisho kwenye pasipoti kuwa ndilo la ukoo. Kwa hiyo utakuwa Frau Bakari, yaani utaitwa kwa jina la babu, nalo Bakari wanalisoma sawasawa, mkazo pale pale, isipokuwa r itatokea kooni. Itakushangaza siku mbili tatu kusikia babu akiitwa kuja kutoa dawa. Jina la kwanza ni la wenzako wa zamu, ambao huitana kwa majina hayo. Ziko hospitali na wagonjwa wazee wanaoendeleza mtindo wa kale wa kumwita muuguzi wa kike `Schwester`, yaani dada, kisha jina lake la kwanza. Hapo utakuwa Dada Mwana, heshima juu ya heshima, na sioni sababu ya kuwakataza.

Kuna mwenzako mmoja atakayelielewa jina lako vingine. Ukikutana na Mkongo au Mzimbabwe, na katika kazi ya uuguzi utakutana nao, kwao mwana ni mtoto na si kitu kingine. Atakuuliza kwa nini unajiita Mtoto. Mweleze habari ya Mwana Mkisi, mtakuwa marafiki.

Upande wa karatasi niufupishe, lakini usiudharau. Jina fupi ni la mdomoni, la barua pepe na la orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani. Mkataba, viza, benki, bima na kutambuliwa kwa vyeti vyako vya uuguzi, vyote vibebe jina zima kama lilivyo kwenye pasipoti. Fomu zao zinauliza `Vorname`, hapo ni Mwanahamisi Juma, na `Nachname`, hapo ni Bakari. Ukiona nafasi ya `Rufname`, usiandike Mwana. Ingawa maana yake ni jina la kuitwa, wanachotarajia hapo ni mojawapo ya majina yaliyo kwenye hati, siyo kifupi chake. Kwenye rekodi za mgonjwa utatia alama yako ya mkono, herufi chache zilizoorodheshwa wadini kando ya jina lako kamili, na hiyo pia ifuate jina la hati. Wala usishawishike kulibadilisha jina kisheria hapa Kenya kwa hati ya kubadilisha jina na tangazo la Gazeti la Serikali. Ukifanya hivyo, kila cheti ulichosomea kitakuwa cha mtu mwingine mpaka uthibitishe, na miezi mitatu haitoshi.

Ila kitu kimoja kifanye wiki hii. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo, cha usajili wa wauguzi na pasipoti, kisha usome jina lako herufi kwa herufi. Majina yetu ya Mwana yameandikwa na makarani wa kila kabila, kila mmoja kwa sikio lake. Nimeona dada mmoja aliyekuwa Mwanahamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanamisi shuleni na Mwanahamis, bila i, kwenye kitambulisho. Mwenyewe hakuwahi kuona tofauti kwa sababu masikioni mwake yote ni yeye. Mjerumani wa ofisini aliwaona watu watatu, na faili lake likalala. Ukikuta hitilafu kama hiyo, nenda kwa wakili uapishwe kwa hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na itafsiriwe pamoja na vyeti vingine. Kwa cheti ambacho mwenye kukitoa anaweza kukisahihisha, kisahihishwe mapema badala ya kukiapia.

Kwenye simu utahitaji kujua kulitaja jina kwa herufi. W yao huitwa "ve," kwa hiyo mtu akikusomea herufi na kusema "ve," andika w, si v, v yao ni "fau." Wana desturi ya kutaja neno kwa kila herufi ili isichanganywe. Yapo maneno rasmi mapya ya mwaka 2022 yanayotumia majina ya miji, lakini watu wengi bado wana yale ya zamani midomoni, na kwa Mwana ni matano mepesi: Martha, Wilhelm, Anton, Nordpol, Anton. Yaseme kila siku unapovuka feri mpaka yatoke yenyewe.

Na wakikosea? Watakosea. Usimkatize mtu katikati ya kazi kumfunza fonetiki. Jibu kwa kulitia jina sahihi ndani ya sentensi yako, "ndiyo, Mwana hapa," kama unavyoitika simu, na uitike vivyo hivyo kila mara. Aliye tayari kujifunza atajirekebisha. Asiyejirekebisha baada ya wiki kadhaa, mwambie faraghani mara moja, umtajie ile `Januar`. Kosa nililolifanya mimi ni kuitika Yuma siku ya kwanza kwa adabu. Siku ya kumi nilikuwa nimechelewa.

Yule mama wa ofisi mjibu mapema, kabla hawajachapa beji yako. Mwandikie kwamba jina lako kamili la hati ni Mwanahamisi Juma Bakari na libaki hivyo kwenye nyaraka zote, kwamba kazini ungependa kuitwa Mwana, linalotamkwa Mu-A-na, na kwamba ni jina la heshima la wanawake wa mji wenu. Sentensi tatu, basi. Lakini usibonyeze kitufe cha kutuma kabla hujavuka kwenda kwa mamako kumuuliza habari za somo wako. Akikwambia marehemu aliitwa jina jingine kabisa, Bi Tatu au Mwanamvua au chochote, niandikie tena, na tutalipitisha hilo kwenye herufi za Kijerumani kama tulivyowapitisha hawa.